Baba ameandikiwa "efyusheni", ndugu wanakataa asichomwe sindano

*Shikamoo Daktari. Baba yangu ana miaka 58. Ana wiki tatu anakohoa, homa inapanda jioni, na ubavu wa kulia unamchoma akivuta pumzi. Alimeza amoksilini za duka la dawa kwa siku saba bila nafuu. Tulipompeleka hospitali alipigwa picha ya kifua. Tumepewa filamu na karatasi, na kaka yangu ametusomea hivi: "Opasiti chini ya pafu la kulia, ukingo wake wa juu umepinda. Kona ya kostofreniki ya kulia imezibika. Konsolidesheni yenye eya bronkogramu. Efyusheni ya plura ya wastani upande wa kulia. Moyo una ukubwa wa kawaida. Hakuna nyumothoraksi. Ilinganishwe na hali ya mgonjwa, kifua kikuu kifikiriwe." Daktari anataka kumchoma sindano ubavuni atoe maji. Shangazi zangu wamekataa, wanasema mtu akishatolewa maji kwenye mapafu harudi. Jirani naye anasema hiyo ni saratani, kwa kuwa baba alivuta sigara zamani. Haya maneno yana maana gani? Na tukubali sindano?*

*Binti wa kwanza, Morogoro*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na hilo linalowagawa hapo nyumbani: mkubalieni daktari achome sindano, na isisogezwe hadi wiki ijayo. Sababu zimo ndani ya hiyo karatasi yenyewe, kwa hiyo tuisome pamoja.

Chukua filamu ya baba uishike dirishani mchana. Tafuta herufi R pembeni. Huo ndio upande wake wa kulia, nao utakuwa mkono wako wa kushoto, kwa sababu unamtazama kana kwamba amekugeukia uso. Utaona maeneo mawili makubwa meusi. Hayo ni mapafu, na ni meusi kwa kuwa yamejaa hewa. Hewa haizuii mionzi. Inapita na kwenda kuichoma filamu hadi inakuwa nyeusi. Mfupa unazuia mionzi mingi, ndiyo maana mbavu zinatoka nyeupe. Nyama, damu, maji na usaha viko kati ya hivyo viwili, na vyote vinazuia mionzi kwa kiasi kinachokaribiana. Kwenye filamu vinatoka na weupe unaofanana. Likumbuke hili, maana ugomvi wenu wote na shangazi unaishia hapa.

Neno opasiti maana yake ni hiyo tu: mahali palipotakiwa kuwa peusi pana weupe. Wengi hulitafsiri kuwa "kivuli", na tafsiri hiyo inawachanganya wagonjwa, kwa sababu mtu akisikia kivuli anatafuta weusi. Opasiti si jina la ugonjwa. Ni jina la kitu kilichoonekana, kama vile mtu akikuambia "kuna moshi kule ng'ambo" bila kujua kama wanapika, wanachoma shamba au nyumba inaungua. Nimewahi kuona msuko mnene wa nywele wa binti mmoja ukitoka kama opasiti juu ya pafu lake. Alipofunga nywele juu ya kichwa na kupigwa picha nyingine, pafu likawa safi. Kwa hiyo jirani aliyesikia "opasiti" akasema saratani amesoma kisichoandikwa.

Mtaalamu wa radiolojia hakuishia kwenye opasiti. Alijaribu kusema weupe ule umekaa wapi, ndani ya pafu au nje yake, na kwa baba amekuta vyote viwili.

Konsolidesheni ni ya ndani ya pafu. Lifikirie pafu kama dodoki la kuogea likiwa kavu: jepesi, limejaa vitundu vya hewa. Lichovye kwenye uji. Umbo lake linabaki lile lile, ukubwa haupungui, ila vile vitundu vimejaa uji na dodoki limekuwa zito. Hiyo ndiyo konsolidesheni. Vifuko vidogo vya hewa, ambavyo kazi yake ni kuipa damu oksijeni, vimejaa kitu kingine. Kwa mtu mwenye homa na kikohozi, mara nyingi kitu hicho ni majimaji na usaha wa nimonia. Inaweza pia kuwa kifua kikuu. Mara chache zaidi ni damu, au aina ya saratani inayotambaa ndani ya vifuko.

Atatofautishaje pafu lililojaa na donge la uvimbe? Hapo ndipo inaingia ile eya bronkogramu mliyosomewa. Angalia ndani ya weupe wa upande wa kulia, karibu na katikati ya kifua, kama utaona vimistari vyeusi vinavyogawanyika mithili ya matawi ya mti usio na majani. Hiyo ni mirija ya hewa. Kwa kawaida haionekani, kwa sababu ni hewa iliyozungukwa na hewa, nyeusi juu ya nyeusi. Vifuko vinavyoizunguka vikijaa ndipo inajitokeza. Inamwambia msomaji kwamba vifuko vimejaa lakini mirija mikubwa bado iko wazi. Hilo linaelekea upande wa nimonia kuliko donge lililoziba mrija, ingawa haliondoi mengine kabisa. Usipoyaona matawi hayo usihangaike, macho ya kuyaona huchukua muda kuzoea.

Efyusheni iko nje ya pafu, na hapa lugha yetu inatuponza. Sote tunasema "maji kwenye mapafu". Maneno hayo hayo tunamwambia mtu ambaye moyo umeshindwa kazi na maji yakaingia ndani ya vifuko vya hewa, na tunamwambia pia mtu kama baba yako. Ni mambo mawili tofauti na tiba zake hazifanani. Pafu limefunikwa na utando mwembamba unaoitwa plura, na ukuta wa kifua kwa ndani umetandikwa utando wa namna hiyo hiyo. Kati ya tando hizo mbili pana vijiko vichache tu vya majimaji ya kulainisha, ili pafu liteleze mtu anapopumua, kama kanga mbili zilizolowa zinavyoteleza zikiguswa. Tando zikipata moto wa maradhi zinakwaruzana, na huko ndiko kunatoka kichomi cha baba cha kila pumzi. Baadaye zinaanza kuvujisha. Majimaji yanajikusanya kati ya pafu na mbavu, yanalikandamiza pafu kutoka nje, na mtu anaishiwa pumzi. Kwa hiyo dodoki la baba limelowa uji upande wa chini, na wakati huo huo liko ndani ya mfuko ulioingia maji.

Sindano ya daktari haiingii ndani ya pafu. Inaingia kwenye ule mfuko wa nje. Waambie shangazi hilo kwanza kabla ya jingine lolote, kwa sababu nimeona kwa wagonjwa wengi kwamba woga wao ulikuwa wa pafu kutobolewa.

Sasa tazama alivyojua kwamba ni maji. Chini ya kila pafu kuna kiwambo, kile kinachotenganisha kifua na tumbo, na kimeinuka katikati kama kuba. Pale kuba hilo linapokutana na mbavu za pembeni panakuwa na kona kali, yenye ncha kama ya kisu. Ndiyo kona ya kostofreniki. Mtu akisimama, maji hushuka na kuanzia hapo. Linganisha pande mbili za filamu ya baba: upande wa kushoto kona itakuwa nyeusi na yenye ncha, upande wa kulia ncha haipo. Kisha tazama ukingo wa juu wa weupe. Haukukatika sawa kama maji ndani ya bilauri. Umepinda, uko chini katikati na unapanda kuelekea ubavuni, mfano wa mwezi mwandamo. Mpindo huo ni alama ya maji yaliyo huru kwenye plura.

Ila picha ina mipaka, na afadhali uijue. Mtu akiwa amesimama, kona haizibiki hadi maji yafike kama mililita 200 au 300, yaani karibu bilauri nzima. Chini ya hapo picha ya mbele inaweza kusema kifua ni safi huku maji yapo. Na mgonjwa akipigwa picha amelala chali, maji yanatandaa mgongoni, kona inaweza kubaki wazi, na kinachoonekana ni ukungu mwepesi upande mzima. Ndiyo sababu fundi wa mionzi alimsimamisha baba, akamwambia avute pumzi yote na kuizuia. Kama baba alishindwa kusimama, mwambieni daktari. Na kabla ya kuchoma, mwombeni kama inawezekana apimwe kifua kwa ultrasaundi. Hiyo huona hata maji kidogo, huonyesha mahali penye kina cha kutosha kuchoma kwa usalama, na huonyesha jambo ambalo picha ya kawaida hulikosa mara nyingi: kama maji bado ni huru, au yameanza kujigawa vyumba vyumba kwa nyuzi.

Mistari miwili inayofuata inaonekana midogo lakini ni habari njema. Moyo una ukubwa wa kawaida, na maji yako upande mmoja. Moyo unaposhindwa kazi, mara nyingi unakuwa mkubwa na maji hutokea pande zote mbili. "Hakuna nyumothoraksi" maana yake hakuna hewa iliyovuja nje ya pafu. Na ule mwisho, "ilinganishwe na hali ya mgonjwa", si kukwepa kazi kama wengi wanavyodhani. Aliyeandika ripoti alikaa mbele ya picha, hakumwona baba. Hakujua kama ana homa, kama amekonda, kama anatoka jasho usiku hadi shuka zinalowa. Anamwambia daktari wa wodini: mimi nimeona weupe wa ndani na maji ya nje, wewe unayemjua mgonjwa useme unatokana na nini.

Daktari naye hawezi kusema kwa kukisia. Rudi kwenye lile nililokuomba ulikumbuke: maji mepesi, usaha na damu vyote ni weupe mmoja kwenye filamu. Mwanamume wa miaka 58 mwenye homa, konsolidesheni na efyusheni upande huo huo ana njia tatu kubwa mbele yake. Inaweza kuwa nimonia iliyovujisha maji kando yake. Inaweza kuwa kifua kikuu cha plura, ndiyo maana aliandika kifikiriwe, na wiki tatu za kikohozi na homa ya jioni zinakaa vizuri na hilo. Na kwa umri wake na sigara za zamani, saratani haiwezi kufutwa kwa mdomo, ingawa homa na mwendo wa ugonjwa wake havinielekezi huko kwanza. Tiba ya njia hizi haifanani hata kidogo. Kinachozitenganisha kimo ndani ya yale maji.

Nakueleza kitakachofanyika ili baba asije akashtuka. Ataketishwa kitandani au kwenye kiti, ainamie mbele, mikono juu ya meza yenye mto, kama mtu anayesinzia dukani mchana. Mkao huo unafungua nafasi za mbavu mgongoni. Daktari atagonga mgongo kwa vidole akishuka: penye hewa panalia kama ngoma, penye maji panakuwa pazito kama kugonga ukuta. Atasafisha ngozi kwa dawa, kisha atachoma sindano ya ganzi. Hiyo ndiyo itakayouma, sekunde chache. Sindano ya pili inapita juu tu ya ubavu, kwenye ukingo wake wa juu, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu imejibanza chini ya ukingo wa chini wa kila ubavu. Baba asikohoe wala kugeuka ghafla wakati huo. Akihitaji kukohoa aseme kwanza. Kwa vipimo hutosha kuvuta mililita 50 hivi. Kama pumzi ni fupi sana, daktari anaweza kutoa zaidi ili apate nafuu, lakini kwa kawaida hazidishi lita moja na nusu kwa mkupuo mmoja, maana pafu lililobanwa likifunguka ghafla linaweza lenyewe kujaa maji. Akianza kukohoa mfululizo au kuhisi kifua kinabana, wanasimamisha.

Madhara yapo, sitakuficha. Hewa inaweza kuingia na kusababisha hiyo nyumothoraksi, au damu ikavuja. Hayatokei kwa wengi, na ultrasaundi huyapunguza zaidi. Baada ya kuchomwa asiondoke mara moja. Akae aangaliwe, na akipata pumzi fupi ghafla au maumivu makali apigwe picha tena.

Kuhusu hilo la "harudi", shangazi hawakulitunga. Wameona watu waliotolewa maji wakafa. Lakini angalia ni watu gani. Wengi walifika maji yakiwa yameshakandamiza pafu zima, au walikuwa na saratani iliyokwisha kusambaa, na maji yale yakitolewa hurudi baada ya siku chache. Sindano ilikuwa jambo la mwisho ambalo familia ililiona likifanyika, basi ikabeba lawama.

Mimi nilichokiona zaidi ni kinyume chake. Kijana mmoja dereva wa bodaboda alikuja na picha inayofanana sana na hii: konsolidesheni chini kulia, efyusheni ya wastani, homa. Hospitali alikoanzia walimwambia achomwe sindano, wazee wake wakakataa, akaondoka na vidonge. Homa ilishuka siku nne, wakafurahi, ikapanda tena. Akabadilishiwa antibayotiki mara mbili. Alipofika kwetu ilikuwa wiki ya tano, amekonda, bega la kulia limeshuka. Nilipochoma sindano haikuvuta kitu. Nilipobadilisha na kuweka nene zaidi ulitoka usaha mzito kama maziwa mgando, na harufu yake ilijaa chumba. Ultrasaundi ilionyesha vyumba vyumba. Dawa inayosafiri kwenye damu haiwezi kuukomesha usaha uliofungiwa humo, lazima utoke. Aliwekewa mpira wa kifuani, haukumaliza, ikabidi afanyiwe upasuaji wa kuondoa gamba lililokuwa limelibana pafu. Alipona, na anaendesha pikipiki hadi leo, lakini kitu cha dakika ishirini kilimgharimu miezi. Katika wiki ya kwanza maji yale pengine yalikuwa bado mepesi.

Yakishatoka, ombeni kuyaona kwenye bomba la sindano. Maji ya rangi ya chai iliyopauka na yanayopitisha mwanga ndiyo ya kawaida kwa kifua kikuu na kwa nimonia ya mapema. Yakiwa na ukungu, daktari atahofia usaha. Ukiwa usaha wa wazi hakuna tena mjadala, mpira wa kifuani unawekwa siku hiyo hiyo. Yenye damu nyingi, na hakuna aliyeumia, yanatufanya tuangalie saratani kwa makini zaidi, japo kifua kikuu nacho huweza kutoa damu.

Rangi peke yake haitoshi. Maabara watapima protini na kemikali iitwayo LDH, wakilinganisha na kiasi kilichomo kwenye damu ya baba. Kipimo hicho cha kulinganisha kilitolewa mwaka 1972 na daktari Mmarekani Richard Light na wenzake, na bado kinatumika kila siku. Protini ya maji ikizidi nusu ya protini ya damu, maji hayo yanatokana na utando unaougua wenyewe, kama kwenye nimonia, kifua kikuu au saratani. Ikiwa chini, na LDH nayo ikiwa chini, tunageukia moyo, ini au figo. Watapima pia sukari, ambayo hushuka sana bakteria wakishamiri, na wataotesha maji kuona kama kuna vijidudu. Mwulizeni daktari kama sehemu ya maji itaangaliwa seli za saratani. Hilo ndilo litakalomjibu jirani yenu kwa ushahidi.

Kwa kifua kikuu kuna mtego mmoja ambao umewapotezea wengi muda. Baba atoe makohozi yapimwe, lazima, na maji nayo yapimwe kwa mashine ya jini eksipati. Jibu likisema vijidudu vipo, limekwisha. Lakini likisema havipo, msishangilie na kwenda nyumbani. Kwenye plura vijidudu vya kifua kikuu huwa vichache mno. Maji mengi yale ni mwitikio wa mwili. Kwa hiyo kipimo cha maji hukosa wagonjwa wengi ambao kweli wanaugua. Daktari atatazama vitu vingine: kama seli zilizojaa kwenye maji ni limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, na kama kemikali iitwayo ADA iko juu, kwa kawaida zaidi ya 40. Atamshauri baba apime pia virusi vya UKIMWI, kwa kuwa vinabadilisha namna ya kuyasoma majibu haya yote. Vikikusanyika na homa ya wiki kadhaa, anaweza kumwanzishia dawa za kifua kikuu bila kijidudu kuonekana. Huko si kubahatisha. Dawa zenyewe ni za miezi sita, nazo zinatolewa bure.

Matokeo yakielekea kwenye nimonia, atapewa antibayotiki nyingine, pengine za mshipani kwa kuanzia, na maji yatafuatiliwa kama yanapungua. Hapo nawaomba msiidai picha kila wiki. Weupe wa konsolidesheni huondoka polepole kuliko ugonjwa. Homa inaweza kuisha siku ya tatu, hamu ya kula ikarudi, na picha ya wiki ya pili ikaonekana vile vile au hata kuchafuka zaidi kidogo. Dalili za mwili ndizo zinazotangulia. Picha inayohitajika hasa ni ya wiki ya sita hivi, na kwa mtu wa umri wa baba aliyewahi kuvuta sigara hiyo si ya hiari, hata kama anajisikia mzima kabisa. Weupe ukibaki pale pale bila kupungua, ndipo atafutiwe kipimo cha siti skani, kuona kama kuna uvimbe uliokuwa umejificha nyuma ya nimonia. Ikiandikwa kwamba kona ya kulia bado haijafunguka vizuri au utando umenenepa kidogo, hilo laweza kuwa kovu tu la mahali maji yalipokaa. Ili ijulikane, ile filamu ya kwanza iwepo mezani. Itunzeni bapa kwenye bahasha yake, msiikunje, wala msiiache juani.

Kabla hamjarudi hospitali, hesabu pumzi za baba akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa. Zikifika 30, au midomo ikiwa na rangi ya bluu, au akianza kuweweseka na kusahau alipo, au akishindwa kulala hadi aketi, msingoje asubuhi. Mpelekeni usiku huo huo, na mwombe apimwe oksijeni kidoleni mara tu mnapofika.

Kama hana hayo, nendeni kesho na filamu na karatasi, na vifuko vya amoksilini alizomeza. Kama anatumia dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, au aspirini kila siku, semeni kabla ya sindano. Shangazi mmoja aingie naye chumbani kama daktari ataruhusu, aone mwenyewe sindano inapopita na kinachotoka. Majibu ya maji yakishatoka niandikie, hasa protini, aina ya seli na ADA, tuyasome.